Jumla mpya ya mkataba haikubaliani na hati ya malipo: anza kutafuta wapi?

Umekusanya hati zote za mabadiliko za mradi, umeziingiza kwenye Excel, umejumlisha na bei ya awali ya mkataba, halafu jibu limekataa kulingana na lililoandikwa kwenye hati ya malipo iliyopita. Wakadiriaji majenzi wengi hapo huanza kupitia karatasi upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kazi hiyo huchosha, na mara nyingi unarudia kosa lile lile kwa sababu jicho limeshalizoea. Ni afadhali kuanza na tofauti yenyewe. Kiasi cha shilingi kilichozidi au kupungua kwa kawaida kinakueleza kosa ni la aina gani, kama utakikagua kwa mpangilio.

Tuchukue mradi mmoja tutembee nao: ghala la dagaa na ofisi ndogo upande wa Igombe, wilayani Ilemela, mwenye mradi ni mtu binafsi. Bei ya mkataba bila VAT ni shilingi 800,000,000. Ndani yake kazi zilizopimwa ni 750,000,000, fedha ya makisio ya kuunganisha umeme ni 15,000,000, na fedha ya dharura ni 35,000,000. Ushike mgawanyo huu, kwa sababu nusu ya matatizo yanatoka hapo.

Faili la mabadiliko lina hati tano, kila moja ikiitwa VO, yaani agizo la mabadiliko. VO Na. 1 ni mwamba kwenye msingi: BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei ya mkataba, ilikadiria mita za ujazo 60 kwa 85,000, zikachimbwa 214 kwa bei ile ile. Mwanza hili halimshangazi mtu. Jiwe halionekani juu ya ardhi, lakini ukishuka mita moja linakungoja. VO Na. 2 ni kubadilisha bati la paa kwa lililo nene zaidi, mita za mraba 620, kutoka 38,000 kwenda 45,000. VO Na. 3 ni kuondoa uzio wa upande wa ziwani, mita 85 kwa 120,000, baada ya kubainika kuwa ulichorwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, eneo ambalo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu. VO Na. 4 ni gharama halisi ya umeme, 18,600,000. VO Na. 5 ni kuweka pevingi kwenye uwanja wa kupakia mizigo, 22,000,000.

Jedwali lako linasema mabadiliko ni 68,230,000 na jumla mpya ni 868,230,000. Hati ya malipo inasema 810,830,000. Tofauti ni 57,400,000.

Kwanza, hakikisha mnazungumza lugha moja ya VAT

Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote, kwa hiyo kianze. Gawanya kiasi kikubwa kwa kidogo. Ukipata 1.18 kamili, huna kosa la hesabu. Upande mmoja umeweka VAT na mwingine haukuweka. Kwa mradi wetu, 868,230,000 ukigawanya kwa 810,830,000 unapata 1.07, kwa hiyo VAT siyo iliyotuangusha kwenye jumla.

Fanya hivyo hivyo kwa kila hati peke yake, maana VAT huingia kwa hati moja moja. Barua ya mkandarasi juu ya mwamba inaweza kusema 15,446,200 wakati hati iliyosainiwa inasema 13,090,000. Gawanya, utaiona 1.18 yako. Na unapoitoa VAT, gawanya kwa 1.18. Ukitoa asilimia 18 ya 15,446,200 utabaki na 12,665,884, namba isiyofanana na chochote kwenye faili, na utapoteza mchana mzima ukiitafuta ilikotoka.

Namba ipo kwenye seli lakini haijumlishwi

Dalili: mistari yote inaonekana, jumla ni ndogo kuliko inavyopaswa kuwa, na tofauti ni sawa kabisa na mstari mmoja au miwili. Sababu ya kawaida kwetu ni ile alama ya shilingi mwishoni. Mtu akinakili `4,340,000/=` kutoka kwenye PDF, Excel inaichukua kama maandishi, na `SUM` inaruka maandishi bila kukuambia. Kagua hivi:

```
=COUNTA(F2:F40)-COUNT(F2:F40)
```

Jibu likiwa zaidi ya sifuri, kuna seli ambazo macho yanaona namba na Excel inaona maneno. Zisafishe kwenye kolamu ya pembeni, usifute za mwanzo:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(F2,"/=",""),",",""))
```

Seli itakayotoa `#VALUE!` ndiyo ya kwenda kuisoma kwenye karatasi kwa macho. Mara nyingi utakuta skani imeacha mabano upande mmoja, au herufi O imekaa mahali pa sifuri.

Ondoa kwanza kisichoidhinishwa

Kwa tofauti yetu ya 57,400,000, hatua ya kwanza ya kweli ni kuuliza kila hati ina hadhi gani. Neno VO kwenye kichwa cha karatasi halitoshi. Mkandarasi ana haki ya kuandika pendekezo na kulipatia namba ya mfululizo, na msaidizi anayepakua faili haraka atalichukua kama yalivyo mengine.

Fungua VO Na. 5. Ina barua ya mkandarasi, mchoro wa mkono wa uwanja, na bei. Haina agizo la mshauri wala saini ya mwenye mradi. Hilo ni pendekezo. Likitoka, jedwali linabaki na 46,230,000, na tofauti inashuka hadi 35,400,000.

Usilitupe lakini. Mwenye mradi anayetaka kujua atalipa nini mwishoni anahitaji kuliona, ila kwenye mstari wake wa makadirio, nje ya jumla mpya. Vilevile lisichanganywe na hali nyingine inayofanana nalo kwa mbali: mabadiliko ambayo mshauri ameshayaagiza kwa maandishi lakini bei haijakubaliwa. Hayo yana uzito. Kazi inafanyika saiti, deni linakua, ni kiasi tu ambacho bado kinabishaniwa. Ndiyo maana kolamu ya hali inahitaji angalau maneno matatu: PENDEKEZO, IMEAGIZWA, IMEIDHINISHWA. Maneno mawili hayatoshi, utalazimika kudanganya upande mmoja. Kwa mradi wa umma ongeza tarehe ya idhini ya bodi ya zabuni, kwa sababu saini ya mshauri peke yake haimalizi safari.

Jumla rasmi ichukue kundi moja tu:

```
=SUMIFS(H:H,D:D,"IMEIDHINISHWA")
```

Nyongeza imeingia, punguzo limeachwa

Tumebaki na 35,400,000. Sasa angalia mabadiliko yaliyochukua nafasi ya kitu ambacho tayari kilikuwa ndani ya bei. Hapa ndipo makosa makubwa yanapokaa, na ndipo ningemshauri mkadiriaji yeyote atumie muda wake mwingi.

VO Na. 4 inasema gharama halisi ya umeme ni 18,600,000. Namba hiyo imeandikwa kwa herufi nene chini ya ukurasa, na jedwali limeichukua kama ilivyo. Lakini bei ya mkataba tayari ilikuwa na 15,000,000 kwa kazi hiyo hiyo. Hati nzuri ingeandika mistari miwili: toa fedha ya makisio 15,000,000, weka gharama halisi 18,600,000, badiliko halisi 3,600,000. Hii ya kwetu ilikuwa na ukurasa wa pili wenye mstari wa punguzo, na ukurasa huo ulikuwa nyuma ya ankara ya transfoma. Aliyesoma alifika kwenye jumla ya ukurasa wa kwanza akaridhika.

Toa 15,000,000. Tofauti sasa ni 20,400,000.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: tofauti, au sehemu yake, inalingana kabisa na fedha ya makisio iliyo kwenye muhtasari wa BOQ, au na mstari mmoja wa BOQ uliobadilishwa. VO Na. 1 ingeweza kutusumbua vivyo hivyo. Mwamba wa mita za ujazo 214 kwa 85,000 ni 18,190,000, ila BOQ ilishabeba 60, yaani 5,100,000. Badiliko ni 13,090,000. Kama tofauti yako ingekuwa 5,100,000, ungejua pa kwenda bila kufungua hati nyingine yoyote.

Dawa yake iko kwenye namna unavyojaza jedwali. Usichukue badiliko moja la jumla kutoka chini ya kila hati. Chukua mistari. Weka kolamu ya punguzo na kolamu ya nyongeza, zote zikiwa namba chanya, na kolamu ya tatu ndiyo itoe moja kwa nyingine. Kwa VO Na. 2 itasomeka punguzo 23,560,000, nyongeza 27,900,000, badiliko 4,340,000. Hati ambayo kolamu yake ya punguzo iko tupu inakuita yenyewe: je, kweli kazi hii ni mpya kabisa, haikuchukua nafasi ya chochote? Wakati mwingine ni kweli. Lakini lazima mtu aulize.

Alama imegeuka

Tofauti iliyobaki ni 20,400,000. Igawe kwa mbili: 10,200,000. Pitisha macho kwenye jedwali utafute 10,200,000, utaikuta kwenye VO Na. 3, uzio wa ziwani, ikiwa imeandikwa kama nyongeza.

Kwenye karatasi iliandikwa (10,200,000). Mabano hayo ndiyo yanayosema kutoa, na skani iliyopauka ikayapoteza. Kosa la alama huzaa tofauti mara mbili ya namba yenyewe, kwa sababu kiasi kilichopaswa kutoka kimeingia. Kwa hiyo kugawa kwa mbili ni kipimo cha kufanya kila mara, ila kifanye baada ya kuondoa mapendekezo na mapunguzo yaliyosahaulika. Tungegawa mwanzoni tungepata 28,700,000, namba isiyo ya hati yoyote, na tungedhani kipimo chenyewe hakifai. Makosa matatu yalikuwa yamepandiana, ilibidi yavuliwe moja moja.

Kwenye kolamu mbili nilizoeleza, kosa hili haliwezi kutokea kwa urahisi. Punguzo linakaa kwenye kolamu ya punguzo, mabano yawepo yasiwepo.

Sasa jedwali linasema: 13,090,000 na 4,340,000, kutoa 10,200,000, kuongeza 3,600,000. Jumla 10,830,000. Ukiweka juu ya 800,000,000 unapata 810,830,000, sawa na hati ya malipo.

Tofauti ndogo ndogo zinazokera

Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana au sifuri iliyopotea. Aliyeandika 3,440,000 badala ya 4,340,000 ameacha tofauti ya 900,000. Aliyepoteza sifuri akaandika 434,000 ameacha 3,906,000; gawa kwa 9 upate 434,000, yaani namba mbovu yenyewe inajitokeza.

Kama tofauti ni 7,230,000 kwa mradi huu, hiyo ni jumla ya VO Na. 1 hadi Na. 3. Maana yake VO Na. 4 ilikuja na ukurasa wa muhtasari wa mabadiliko yaliyotangulia, na mstari wa jumla ya nyuma umesomwa kama kazi mpya. Kwa kila mstari unaouingiza andika namba ya ukurasa wa hati. Muhtasari utajulikana mara moja, kwa sababu hauna kipimo wala bei ya moja.

Jumla inakubali, lakini kiasi chenyewe si sahihi

Jedwali kulingana na hati ya malipo haimaanishi hati ni sahihi. Rudia kuzidisha kipimo kwa bei kwenye kila mstari, kisha linganisha bei na BOQ. Kazi ya aina ile ile, katika mazingira yale yale, kwa kawaida hulipwa kwa bei ya BOQ. Bei mpya ikitokea lazima iwe na maelezo yake kwenye faili.

Kwa miradi ya hapa, mstari wa kuuangalia kwa makini kuliko yote ni mwamba. Zege likishamwagwa hakuna atakayefunua msingi kupima. Ushahidi uliobaki ni karatasi ya vipimo iliyosainiwa na pande zote mbili, ikionyesha kina cha juu ya jiwe na kina cha mwisho wa shimo kwa kila eneo. Mara nyingi faili la VO lina jumla tu, mita 214, bila karatasi hiyo. Mpigie fundi mkuu wa saiti.

"Kaka, vipimo vya jiwe mlichukua lini?"

"Kabla ya kumwaga blaindingi, mhandisi alikuwepo. Kitabu kiko kwenye kontena."

Kitabu hicho kipigwe picha siku hiyo hiyo na kiunganishwe na VO Na. 1. Ukikuta kina kimepimwa kuanzia usawa wa ardhi na siyo kuanzia juu ya jiwe, udongo umelipwa kwa bei ya mwamba, na mstari wa kuchimba kawaida kwenye BOQ nao huenda umelipwa palepale.

Tofauti ni 35,000,000 kamili

Hili huja mwishoni, watu wakishakubaliana kila kitu. Mkadiriaji anasema 810,830,000, mhasibu wa mwenye mradi anasema 775,830,000, na kila mmoja ana hakika. Tofauti ni fedha ya dharura, senti kwa senti.

Bei ya mkataba ya 800,000,000 ilishatenga 35,000,000 kwa mambo yasiyotarajiwa. Ukiongeza mabadiliko juu ya 800,000,000 huku fedha ya dharura ikibaki ndani, unamwonyesha mwenye mradi gharama ambayo sehemu yake haina kazi. Kwenye hesabu ya mwisho fedha hiyo hutolewa yote, na mabadiliko halisi ndiyo yanayowekwa: 800,000,000 kutoa 35,000,000, kuongeza 10,830,000, unapata 775,830,000.

Katikati ya kazi mambo hutegemea maneno ya barua za idhini. Barua ikisema gharama zitoke kwenye fedha ya dharura, bei ya mkataba haipandi kabisa. Inabaki 800,000,000, na kinachobadilika ni salio la dharura, sasa 24,170,000. Barua isipotaja chanzo, muulize mshauri kwa maandishi kabla ya kuandaa hati ya malipo inayofuata, usijiamulie.

Mimi ningeandika namba hizo zote kwenye muhtasari, kila moja na jina lake: bei ya awali, mabadiliko yaliyoidhinishwa, salio la dharura, na gharama inayotarajiwa mwishoni bila dharura. Halafu ningepima hivi. Gharama inayotarajiwa pamoja na VAT ni 915,479,400. Bei ya awali pamoja na VAT ni 944,000,000. Tofauti yake ni 28,520,600, na ukiigawa kwa 1.18 lazima ikurudishie 24,170,000, lile salio la dharura. Isipokurudishia, kuna mstari mmoja ambao VAT yake imeingia mara mbili au haijaingia kabisa, na pa kuanzia ni ankara ya umeme kwenye VO Na. 4, kwa sababu ndiyo hati pekee hapa iliyotoka kwa mtu wa nje ikiwa na VAT yake ndani.